Elektrodi ya Mbozi iliyokimbilia 7 kila mota ilipowashwa: uchambuzi wa kisa

Kwenye mtambo mmoja wa kumenya kahawa mbivu wilayani Mbozi, chama cha msingi kilifunga elektrodi za pH ndani ya matangi manne ya kuchachushia. Buni ikishamenywa hubaki na ute, na ute huo huachwa uchachuke mpaka utoke wenyewe wakati wa kuosha. Kwa kawaida mzoefu hutia mkono, akasugua buni kiganjani na kusikiliza kama inakwaruza. Chama kilitaka namba isaidiane na kiganja: pH ikishuka hadi 4.5, mlinzi wa zamu aamshe waoshaji.

Mchana namba zilikuwa zinaelekea vizuri. Tatizo lilianza jioni, wakulima wanapoleta kahawa na mashine ya kumenya inapowashwa. Tangi lililokuwa linasoma 4.5 lilipanda hadi 6.4 ndani ya sekunde chache na kutulia hapo hapo, bila kuchezacheza. Mashine ikizimwa, namba ilirudi 4.5. Tangi jipya lililokuwa karibu na 6 lilipanda kidogo tu, hadi 6.8. Yote yalikuwa yanavutwa kuelekea 7.

"Fundi, kahawa haiwezi kuchachuka kinyumenyume," mzee msimamizi aliniambia, na hapo alikuwa ameshafikia nusu ya jibu. Kilichobadilika hakikuwa kahawa.

Elektrodi ya pH ya kioo ni kama betri dhaifu sana. Kwenye pH 7 hutoa takriban sifuri. Kila hatua moja ya pH, katika nyuzi 17 za Selsiasi, hubadilisha volti kwa karibu 57.6 mV. Kwa hiyo pH 4.5 ni kama 144 mV. Ugumu uko kwenye ukinzani wa kile kioo. Elektrodi hizi zilikuwa na karibu MΩ 150 katika nyuzi 25, na kioo cha namna hii huongeza ukinzani wake karibu mara mbili kwa kila nyuzi 8 zinazopungua. Mbozi mwezi wa Julai, maji ya tangi yakiwa nyuzi 17, tunazungumzia MΩ 300. Elektrodi ile ile ikipimwa Dar es Salaam juani ni kifaa kingine kabisa.

Ndiyo maana maltimita ya kawaida haina msaada kwenye waya huu. Ukinzani wake wa ndani ni MΩ 10, hivyo ukiigusisha kwenye elektrodi ya MΩ 300 itakuonyesha sehemu moja tu kati ya 31 ya volti iliyopo. Zile 144 mV zitasomeka kama 4.6, na fundi atahukumu kwamba elektrodi imekufa.

Kutoka tangi hadi kibanda cha kirekodi, yaani kifaa kinachosoma elektrodi na kuonyesha pH, palikuwa na mita 15 za waya wa koaksia. Waya wa ndani ulibeba ishara ya kioo. Wavu wa nje, yaani ngao, ulifungwa kwenye sifuri ya kirekodi. Waya wa pili, wa kawaida, ulibeba upande wa rejea wa elektrodi, unaogusa maji ya tangi na ambao ukinzani wake ni kiloomu chache tu. Kirekodi kilichukua waya zote mbili, kila moja ikapita kwenye opampu yake, yaani kikuza ishara, ambayo hapa ilinakili volti bila kuikuza, kisha kikatafuta tofauti kati yao na kuikuza mara 5. Opampu zilikuwa LMC6482, aina inayofyonza mkondo mdogo mno kiasi kwamba MΩ 300 hazileti kosa la maana. Umeme wake ulikuwa ±5 V. Matangi yote manne yalitumia sifuri moja ya kirekodi, na sifuri hiyo ilifungwa kwenye ethi ya kibanda.

Kwa mtu aliyezoea kazi hizi, mpango huo unaonekana safi: waya una ngao, ngao imefungwa upande mmoja tu, na pembejeo zinapima tofauti. Kila kitu kimefuata kanuni.

Majaribio matatu kwenye kopo la chuma

Kabla ya kugusa saketi nilitaka kujua kelele inaingia kwa njia gani, kwa sababu njia ya sumaku na njia ya kapasita hutibiwa tofauti. Niliondoa elektrodi na mwisho ule wa waya nikaweka kopo la chuma lenye vipande vya kubadilisha. Waya wa rejea uliendelea kugusa maji ya tangi kupitia kipande cha chuma cha pua, ili hali ya maji iendelee kuwa sehemu ya jaribio.

Kwanza niliunganisha waya wa ndani na wa rejea moja kwa moja, kisha mashine ikawashwa. Kirekodi kilisoma 7.0, nayo osiloskopu kwenye pato lake ilionyesha mstari mtulivu. Hili linasema mengi. Kama kelele ingekuwa inaingizwa na sumaku ya nyaya za mota, ingeonekana hata hapa, kwa sababu sumaku huzalisha volti ndani ya kitanzi cha waya bila kujali ukinzani uliopo mwishoni.

Jaribio la pili niliweka rezista tatu za MΩ 100 mfululizo, zikiwa badala ya kioo. Kirekodi kilisoma 7.0 tena. Anayeangalia namba peke yake angesema waya ni mzima. Lakini osiloskopu ilionyesha pato likigonga +5 na −5, wimbi la hertzi 50 lililokatwa kichwa na miguu. Wimbi lililokatwa sawasawa juu na chini lina wastani wa sifuri, na sifuri ni pH 7. Rezista peke yake inaficha kosa hili kikamilifu. Nimeshaona wafungaji wakipitisha kazi kwa jaribio hilo.

La tatu niliongeza betri ndogo yenye kigawanya volti, ikitoa 144 mV nyuma ya zile MΩ 300. Mashine ikiwa imezimwa, 4.5. Mashine ikiwaka, 6.4. Sasa nilikuwa na tatizo lile lile bila kahawa, bila elektrodi na bila kungoja jioni.

Kelele isiyokuwapo kwa ukinzani sifuri na inayojaa kwa MΩ 300 ni mkondo mdogo unaolazimishwa kupita kwenye ukinzani mkubwa. Mkondo huo unapita kwenye kapasita fulani, na kilichobaki ni kuitafuta.

Kapasita iliyomo ndani ya ngao

Niliweka maltimita, kwenye volti za mkondo geu, kati ya waya wa rejea na sifuri ya kirekodi. Kwa waya wa rejea maltimita inafaa, maana ukinzani wake ni mdogo. Mashine ikiwa imezimwa palikuwa karibu na sifuri. Ikiwashwa, 2 V.

Maji ya tangi yameungana na mashine kupitia bomba na mfereji wa buni, na mashine ilikuwa na fimbo yake ya ethi kwenye udongo mkavu wa kiangazi. Mkondo mdogo unaovuja kutoka kwenye mota ulipita kwenye ethi hiyo mbovu na kuinua fremu, bomba na maji yote kwa 2 V kulinganisha na ethi ya kibanda, iliyochimbiwa mbali. Mkaguzi wa umeme alipaswa kuitazama ethi ile kwa sababu zake mwenyewe, na aliitazama. Ila hata ethi mbili nzuri hazilingani kabisa, na kipimo kinachotegemea zilingane kitaharibika tena.

Fuatilia sasa kinachotokea kwenye kila waya maji yanapopanda na kushuka kwa 2 V mara 50 kwa sekunde. Waya wa rejea, wenye kiloomu chache, unayafuata maji bila shida. Waya wa kioo ungependa kuyafuata pia, na kama ungeweza, tofauti kati ya nyaya hizo mbili ingebaki 144 mV na kirekodi kisingesikia kitu. Lakini umezungukwa na ngao iliyofungwa kwenye sifuri, na koaksia ya aina hii ina karibu pF 100 kwa kila mita kati ya waya wa ndani na wavu. Mita 15 zinatoa pF 1500. Kwa hertzi 50, kapasita hiyo huupinga mkondo geu kama ukinzani wa:

```
Xc = 1 / (2π · 50 · 1500e-12) ≈ 2.1 MΩ
```

Waya wa kioo umekamatwa kati ya maji, yaliyo ng'ambo ya MΩ 300, na ngao, iliyo umbali wa MΩ 2.1 tu. Kwa mkondo geu hauna chaguo. Unabaki na ngao, yaani kwenye sifuri ya kirekodi, huku mwenzake wa rejea akirukaruka na maji. Tofauti kati yao ni 2 V karibu zote.

Hapo pana jambo ambalo kanuni ya kufunga ngao upande mmoja hailisemi. Ngao inazuia nyaya za mota zisiuone waya wa ndani, na hiyo kazi iliifanya vizuri. Lakini ngao yenyewe ndiyo jirani wa karibu kuliko wote, mwenye kapasita kubwa kuliko wote. Volti yoyote iliyopo kati ya ngao na mahali ishara inapozaliwa inaingia kwenye waya kana kwamba hakuna ngao. Kufupisha waya kusingesaidia: hata mita moja, pF 100, ni MΩ 32, bado kidogo mno mbele ya 300.

Namba 6.4 nayo inajieleza. Zile 2 V zina kilele cha karibu 2.8 V. Zikikuzwa mara 5 zinataka kufika 14 V, na opampu inaishia 5. Wimbi linatumia muda mwingi likiwa limegonga dari au sakafu, na karibu asilimia 23 tu ya muda likipita katikati. Ishara ya kweli inahesabika katika muda huo peke yake, hivyo wastani unabaki na asilimia 23 ya 144 mV, yaani karibu 33 mV. Gawanya kwa 57.6, toa kwenye 7, na unapata 6.4. Ndiyo maana matangi yote yalivutwa kuelekea 7, na ndiyo maana namba haikucheza: programu ya kirekodi ilikuwa inachukua wastani mrefu wa kitu ambacho kilishakatwa. Kuchuja baada ya kukatwa hakurudishi kilichopotea.

Kuiendesha ngao, na swali la nani aiendeshe

Dawa inayofahamika ni kutoifunga ngao kwenye sifuri, bali kuiendesha: kuipa, kutoka kwenye opampu, volti inayofuata ishara. Pande mbili za kapasita zikipanda na kushuka pamoja, hakuna mkondo unaopita, hata kapasita iwe kubwa namna gani. Ngao inayofanya hivyo huitwa kinga inayoendeshwa.

Fundi mwenzangu alianza na mchoro unaopatikana kila mahali: pato la opampu ya waya wa kioo likarudishwa kwenye ngao. Alisema, "Kaka, waya ukifuatwa na ngao yake wenyewe, zile pikofaradi 1500 zimekwisha." Ni kweli, zilikwisha. Tuliwasha mashine na kirekodi kikasoma 6.2.

Hili linahitaji utulivu kidogo. Pikofaradi 1500 zilipofutika, waya wa kioo haukuachwa huru. Ulibaki na kapasita zile ambazo ngao haizifuniki: skrubu za kuungia, njia ya shaba kwenye bodi, mguu wa opampu. Kwa makadirio yetu zilikuwa kama pF 13 kuelekea sifuri. Ni kidogo sana, lakini kwa hertzi 50 hizo ni MΩ 245, na mshindani wake ni kioo cha MΩ 300. Kwa hiyo waya ulikuwa unayafuata maji nusunusu, na nyuma kwa awamu, na tofauti iliyobaki ilikuwa bado karibu 1.5 V. Pato liliendelea kukatwa.

Kinga inayoendeshwa na waya wa kioo wenyewe ni kinga inayomfuata mtu asiyejua njia. Haimzuii, lakini pia haimvuti. Kuna hatari ya pili: ni mzunguko unaojisukuma, ishara inainua ngao na ngao inainua ishara, na opampu ikikuza kupita moja hata kidogo, mfumo unaweza kuanza kutetema wenyewe.

Tukahamisha waya mmoja. Ngao ikaondolewa kwenye opampu ya kioo na kuungwa kwenye pato la opampu ya rejea, kupitia rezista ya Ω 100 ili opampu isitetemeke kwa mzigo wa kapasita ya waya mrefu. Opampu hiyo ilikuwapo tangu mwanzo ndani ya kirekodi. Hatukununua chochote isipokuwa rezista.

Sasa ngao inayafuata maji, kwa kuwa rejea inayafuata maji. Na zile pF 1500 zilizokuwa zinaung'ang'aniza waya wa kioo kwenye sifuri zinaung'ang'aniza kwenye volti ya maji, mahali hasa tulipotaka uwe. Adui aliyebaki ni zile pF 13 zinazovuta kuelekea sifuri, dhidi ya 1500 zinazovuta upande wetu. Kosa linakuwa 2 V mara 13 kwa 1513, kama 17 mV. Likikuzwa mara 5 halifiki hata 0.1 V, liko mbali na dari, halikatwi, na wastani wake unatoweka wenyewe kwenye programu. Mashine ikiwaka, 4.5. Mashine ikizimwa, 4.5.

Mtu anaweza kuuliza kama tungefunga tu kapasita ya nF 10 kati ya waya wa kioo na wa rejea pale kwenye kirekodi. Wazo ni lile lile na lingepunguza kelele, ila ngao ikibaki kwenye sifuri bado ingeacha karibu 0.26 V, ambayo kilele chake kikikuzwa mara 5 na kujumlishwa na ishara hukaribia nusu ya nafasi iliyopo. Isitoshe kapasita hiyo ingepaswa kuwa na uvujaji mdogo kuliko kioo chenyewe, na nyingi za bei rahisi hazifiki huko. Waya tayari una kapasita nzuri ndani yake, iliyobaki ni kuamua mwisho wake mwingine ufungwe wapi.

Kinga hii isichotibu

Wiki zilizofuata tatizo la mota halikurudi, lakini asubuhi zenye ukungu tangi moja lilikuwa linasoma juu kidogo. Kwenye myeyusho wa kupimia wa pH 4.01 lilionyesha 4.28, na saa nane mchana likaonyesha 4.0. Huo si mota. Ni unyevu kwenye kiungio cha waya, uliotengeneza njia ya uvujaji ya kama GΩ 3 kati ya waya wa ndani na ngao. MΩ 300 dhidi ya GΩ 3 hupoteza asilimia 9 ya ishara, na 172 mV za myeyusho ule zinabaki 156.

Hapa uchaguzi wetu una gharama. Ngao inayofuata rejea imeondoa volti ya maji kati yake na waya wa kioo, lakini ile ishara ya elektrodi yenyewe bado ipo katikati yao, na ndiyo inayovuja. Kinga iliyofuata waya wa kioo ingeuziba uvujaji huu, ila ingerudisha kelele ya mota. Kati ya hayo mawili, uvujaji unatibika kwa kitambaa, spiriti ya kusafishia, na mpira wa kusinyaa kwa joto ukavikwa kiungio kikiwa kikavu. Volti ya ethi haitibiki kwa kitambaa. Sijutii uchaguzi.

Ni muhimu kuutambua uvujaji kabla ya kusawazisha upya. Mtu akisawazisha kwa myeyusho wa 4.01 na 7.00 asubuhi ya ukungu, kirekodi kitakubali mteremko, yaani volti kwa kila hatua ya pH, wa asilimia 91 bila kulalamika, kisha mchana kiungio kikikauka namba zote zitakuwa chini kuliko kweli, na waoshaji wataamshwa mapema. Mteremko mdogo asubuhi unaorudi mzima mchana ni kiungio. Elektrodi iliyozeeka haipati nafuu saa nane.

Jambo la mwisho la kuangalia ni utulivu wa ngao yenyewe. Nyaya za mota zikilazwa bega kwa bega na koaksia kwa mita zote 15, kapasita kati yake na ngao inaweza kufika pF 500, na 230 V zitasukuma kama µA 36 kwenye ngao. Kupitia Ω 100 hizo ni 3.6 mV, na waya wa kioo utazifuata zote. Zinavumilika. Lakini mtu akiweka kΩ 10 badala ya Ω 100, akidhani anailinda opampu, zinakuwa 360 mV na anakaribia tena kwenye dari. Tulihamisha koaksia upande wa pili wa ukuta hata hivyo.

Kama mtambo ungekuwa unafungwa upya, ningeweka opampu ndani ya kichwa cha elektrodi, pale pale juu ya tangi, ili kinachosafiri mita 15 kiwe na ukinzani wa omu chache na ngao isiwe na la kuharibu. Hiyo inahitaji umeme safi kwenye kila tangi na kasha lisiloingiza maji mahali panapooshwa kwa mpira kila siku. Kwa nyaya zilizokwisha kupitishwa ukutani, rezista nne za Ω 100, moja kwa kila tangi, zilitosha.